Mstari Uliobaki Nyuma

Watu wengi wa Ifakara walimjua Kelestini kwa jinsi alivyochoma vidole. Alikuwa akikushika kidole cha pete, anakifuta kwa pamba yenye spiriti, anakuuliza habari za mpunga wako, na kabla hujamaliza kumjibu tone la damu limeshakaa juu ya kioo. Watoto waliomlilia mlangoni walitoka wamenyamaza. Kazi hiyo aliifanya katika maabara ya hospitali ya misheni, chumba chenye dirisha moja kubwa linalotazama kaskazini, na aliifundishwa na Sista Balbina, mtawa wa Kizungu aliyekuwa na sauti nene na mikono isiyotetemeka. Alianza kwa kuosha chupa. Baadaye akafundishwa kutafuta malaria kwenye damu, minyoo kwenye choo na kichocho kwenye mkojo, na mwisho Sista akawa anamwachia hadubini asubuhi nzima bila kuja kuchungulia nyuma yake.

Alikuwa mtu wa taratibu, si mwepesi wa kuongea. Mama yake, Domitila, mjane, alikaa Mlabani katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe Hermenegildi. Kelestini alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyezaliwa Kilosa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, wazazi wake walipokuwa njiani kurudi nyumbani kutoka upagazi. Ndivyo alivyosimuliwa, na hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Mkewe Aurelia alimtoa Mkula, kwa watu waliokuwa wakilima mpunga chini ya milima. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa homa akiwa bado ananyonya. Wa pili, Konsolata, aliishi, lakini aliishi kwa shida. Mvua zikianza, miguu humuuma mpaka hawezi kukanyaga. Macho yake yalikuwa ya manjano mara kwa mara, na ukimpapasa tumbo upande wa kushoto unakuta bandama limevimba na gumu. Siku nyingine unamkuta anaruka kamba na wenzake kama hajawahi kuugua.

Mwaka 1956 Sista Balbina aliletewa dawa mpya ya unga ya kupimia hitilafu moja ya damu inayorithiwa, na maelezo ya kuitumia. Unachanganya tone la damu na dawa hiyo, unafunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo kwa vaselini hewa isiingie, kisha unasubiri. Dawa inanyonya oksijeni. Kama damu ni ya kawaida, chembe zake nyekundu zinabaki duara. Kama mtu ana ile hitilafu, chembe zinajipinda na kuchongoka kama mundu wa kuvunia. Daktari mmoja mgeni aliyepita hospitalini aliwaeleza kwamba mtoto mgonjwa huipata hitilafu hiyo pande zote mbili. Baba anayo, mama anayo. Kila mmoja ana nusu isiyomuumiza, na mtoto akirithi nusu zote mbili ndipo anapougua.

Kelestini alimfikiria Konsolata papo hapo. Siku iliyofuata alichukua damu ya mtoto, ya Aurelia na ya kwake. Damu ya mtoto ilijaa mundu. Ya Aurelia ilichelewa kidogo, kisha nayo ikajipinda. Ya kwake ilibaki duara.

Alirudia. Akabadilisha dawa, akarudia tena. Alisubiri mpaka vaselini ikaanza kuyeyuka kwa joto, na bado chembe zake zilikuwa duara. Aliona tu kwamba nyingi zilikuwa na nukta katikati na pete nyeupe kuizunguka, kama shabaha ya kufundishia askari, akadhani ni kioo kilichokaushwa vibaya. Aliosha kioo akakirudisha kabatini.

Hakumwambia Aurelia siku ile, wala wiki ile. Alianza kwa kula peke yake. Kisha akahamishia kitanda chake chumba cha mbele, akisema mtoto anamnyima usingizi. Aurelia alimvumilia, halafu akamfuata jikoni nje na kumuuliza mbele ya sufuria.

"Baba Konsolata, nimekukosea nini?"

"Huyo mtoto ana ugonjwa unaotoka kwa baba na mama," alisema. "Wewe unao. Mimi nimejipima, sina."

Aurelia hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliweka mwiko chini.

"Unasema nimemzaa na nani?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye unayejua."

Aliapa kwa Mungu, aliapa kwa mtoto aliyekufa. Kelestini hakumpiga wala hakupandisha sauti, na Aurelia alisema baadaye kwamba afadhali angefoka, maana mtu anayefoka hupoa. Kaka yake mkubwa, Apolinari, alikuja kutoka Mkula kusuluhisha. Kelestini alimweleza shemeji yake habari za vioo na mundu kwa utulivu uleule, mbele ya majirani wawili waliokuwa wamekuja kusikiliza. Apolinari alikuwa mkulima. Vioo hakuvijua. Alimchukua dada yake na mtoto, wakapanda lori la mpunga wakaenda Mkula.

Domitila alimwita mwanawe akamuuliza kulikoni. Kelestini alisema ni mambo ya ndani. Mama yake akarudi kwenye mkeka wake.

*

Mwanzoni mwa mwaka 1958 alifika mtafiti kutoka Uswisi, Daktari Viktor, mtu mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza alichojifunza Mahenge. Alitaka kujua ni watu wangapi bondeni wenye damu ya mundu, na kama kweli malaria huwashambulia kidogo kuliko wengine. Alikuja na masanduku ya bati, chupa za dawa, na betri kubwa za redio, zile ndefu, nyingi kuliko redio zote za Ifakara. Sista Balbina alimpa Kelestini awe msaidizi wake.

"Ile dawa yenu ya unga inasema tu kwamba mundu upo au haupo," Viktor alimweleza. "Haisemi kuna nini kingine. Hii inazitenganisha himoglobini zenyewe."

Himoglobini ni ule wekundu ulio ndani ya chembe. Kelestini alijifunza kuutoa: kuosha chembe kwa maji ya chumvi, kuzipasua kwa maji matupu na dawa kidogo, kisha kuzungusha vichupa kwa mashine ya mkono mpaka takataka zitengane na maji mekundu yawe safi kama divai. Kisha ilikuja kazi ya karatasi. Vipande virefu vya karatasi ya kuchujia vilitundikwa ndani ya sanduku la kioo, kila mwisho ukilowana katika birika la maji ya dawa. Unaweka mstari mwembamba wa damu katikati ya kila kipande, unafunika sanduku, unaunganisha betri. Katika maji yale himoglobini zote huvutwa kuelekea upande wa chanya, ila haziendi mwendo mmoja. Ile ya kawaida, waliyoiita A, hutangulia. Ile ya mundu, S, hubaki nyuma yake. Unaacha umeme ufanye kazi yake mpaka kesho, na asubuhi unakuta mistari myekundu imeachana.

Kelestini aliipenda kazi ile. Mwenye afya alikuwa na mstari mmoja mbele. Mwenye nusu ya mundu alikuwa na miwili, A na S. Mgonjwa alikuwa na S, na mbele yake hapana kitu. Vipande vilipokauka katika oveni alivipanga juu ya meza, akavisoma kama mtu anavyosoma nyayo njiani.

Mwezi wa Machi, barabara ikiwa tope tupu, Aurelia alimleta Konsolata. Mtoto alikuwa na homa, na nyonga ilimuuma kiasi kwamba alibebwa mgongoni kutoka pale lori liliponasa. Kelestini aliwakuta barazani.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele amina," Aurelia alijibu, akitazama pembeni.

"Mtoto amezidiwa?"

"Unamwona."

Konsolata alimwangalia baba yake. Alikuwa ametimiza miaka tisa, amerefuka, shingo nyembamba. Sista Balbina alimlaza, akamtoa damu mwenyewe, akampa Kelestini kichupa kama anavyompa vingine vyote. Kelestini aliziosha chembe, akazipasua, akakizungusha kichupa. Kipande cha Konsolata alikitundika katikati ya vipande vya watu wa Mang'ula waliokuja kupimwa wiki ile.

Asubuhi, kifuniko kilipoondolewa, Viktor ndiye aliyeona kwanza.

"Nani huyu?"

Kipande kilikuwa na mistari miwili, na hiyo si ajabu. Ajabu ni mahali ilipokaa. Mbele, pale A inapofika, hapakuwa na kitu. Mstari wa kwanza ulikuwa sawasawa na S ya jirani yake. Wa pili ulikuwa nyuma zaidi, karibu na pale damu ilipowekwa, kana kwamba haukutaka kuondoka.

"Hana A hata kidogo," Viktor alisema. "Ana S nusu, na nusu nyingine ni kitu ambacho sijakiona tangu nifike hapa. Ndiyo maana yu hai. Watoto wenye S tupu tunawazika wadogo. Huyu ugonjwa wake ni mwingine, mwepesi kidogo. Wazazi wake wapo? Nataka damu yao."

Kelestini alisema mama yuko wodini. Walikwenda pamoja. Aurelia alinyoosha kidole bila kuuliza cha nini.

"Na baba wa mtoto yuko wapi?" Viktor aliuliza.

Aurelia aliinua macho. "Mbona umekuja naye? Ndiye huyo aliyekushikia chupa. Yeye mwenyewe anasema siye."

Wodi ilikuwa na akina mama wengine, wote walisikia. Viktor aligeuka akamtazama msaidizi wake, kisha Sista Balbina, ambaye alikuwa anapanga shuka na hakuacha kuzipanga. Kelestini alivua saa, akakunja mkono wa shati, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Sista alikuja akamchoma.

Siku ile hakufanya kazi yoyote ya maana. Alitundika vipande vitatu, cha mtoto, cha mama na cha kwake, akaunganisha betri, akaenda shambani kwake kupalilia mpaka jua likazama.

Asubuhi alifika kabla ya Viktor. Aliinua kifuniko. Kipande cha Aurelia kilikuwa na A na S. Cha mtoto kilikuwa na S na ule wa nyuma. Cha kwake kilikuwa na A mbele, kama ya watu wote, na nyuma sana, mbali na pale S ingekuwa, mstari mwingine mwekundu. Alichukua rula akaiweka juu ya vipande viwili. Mstari wake na mstari wa Konsolata ulikuwa mmoja.

Alikaa chini. Alipoingia, Viktor alimkuta bado ameshika rula.

"Ni yako," Viktor alisema, baada ya kutazama. "Mama kampa S, wewe umempa hii. Haijipindi yenyewe, ndiyo maana kile kipimo cha mundu hakikuona kitu kwako. Lakini ikikutana na S ndani ya chembe moja, mtoto anaugua."

"Daktari, unaweza kusema kwa uhakika ni mwanangu?"

"Karatasi haiwezi kuapa. Lakini nimeshapima watu wengi bondeni hapa, na ni ninyi wawili tu wenye mstari huu. Kama baba ni mwingine, basi naye angekuwa nao, na mimi sijamwona."

Kelestini aliitikia kwa kichwa. Viktor alikwenda kwenye hadubini, akaweka kioo cha damu ya Kelestini kilichopakwa rangi, akacheka kidogo peke yake. "Njoo uone. Umejaa shabaha."

Kelestini aliinama akaona zile nukta zenye pete. Alizitambua.

*

Lilibaki jambo moja. Mstari ule ungeweza kuwa wa mojawapo ya himoglobini mbili tofauti, zilizoitwa C na E. Kwenye karatasi, C na E hukaa karibu mno. E hutangulia kidogo tu, na karatasi ikilowana vibaya huwezi kuapa ni ipi. Na asili zao ziko mbali kabisa. E ni ya watu wa mashariki ya mbali, Bengali, Burma, Siam. C ni ya Afrika ya Magharibi, hasa watu wa kaskazini ya Gold Coast, Ghana ya sasa.

"Wazee wako walitoka wapi?" Viktor aliuliza.

"Baba mtu wa hapa bondeni. Mama Mpogoro wa upande wa Mahenge."

"Basi mmoja wao kuna mtu hakumtaja."

Kelestini hakupenda sentensi ile. Alifikiri habari za wenye maduka waliotoka Bara Hindi, walioanza kufika tangu enzi za Mjerumani, akaifukuza fikira hiyo, ikarudi.

Viktor alitoa bomba la kioo lenye bomba jembamba zaidi ndani yake, akalisimamisha kwenye nondo. Bomba la ndani alilijaza punje ndogo nyeupe kama sukari iliyolowa. Kati ya mabomba mawili alipitisha maji baridi yaliyotoka kwenye friji ya mafuta ya taa. Punje zile, alieleza, zinashika himoglobini, nyingine kwa nguvu, nyingine kwa ulegevu. Ukiweka damu juu na kudondosha maji ya dawa taratibu, ile isiyoshikwa sana inashuka, na iliyoshikwa inabaki juu.

"Tutatumia ya mtoto," alisema. "Yeye ana S, na S tunaijua mwendo wake. Katika punje hizi E hutangulia mbele ya S. C hubaki nyuma ya zote. Kwa hiyo kuna swali moja tu: ule wa pili uko chini ya S, au juu yake?"

Kelestini ndiye aliyedondosha. Maji mekundu yalizama juu ya punje, yakakaa kama pete pana. Kwa muda hakukuwa na badiliko. Kisha pete ikaanza kurefuka, ikawa kama inachanika katikati. Sehemu moja ilishuka polepole na kuacha weupe nyuma yake. Nyingine ilibaki juu, nyekundu, imeng'ang'ania pale ilipowekwa. Walikinga matone ya ile iliyoshuka, na jioni Kelestini akayatundika kwenye karatasi kando ya S ya mtu mwingine. Kesho yake yalikaa pamoja na S. Iliyobaki juu haikushuka mpaka Viktor alipobadilisha maji ya dawa kuwa makali zaidi.

"C," Viktor alisema. "Nilisoma habari zake Basel. Sikutegemea kuikuta Kilombero."

*

Domitila alikuwa amekaa uani Mlabani anachambua ukindu. Kelestini alimwamkia, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Alimweleza mama yake kila kitu kwa maneno mepesi: karatasi, mistari, bomba. Alipofika kwenye neno Gold Coast, mikono ya mama ilisimama.

"Nani amekwambia jina hilo?"

"Damu, mama."

Domitila alikusanya ukindu akauweka kando. Hakulia. Alizungumza akitazama uzio wa majirani.

"Wajerumani walimchukua baba yangu kubeba mizigo. Nilimfuata, sikuwa na mtu mwingine. Alikufia Morogoro. Waingereza walipoingia nikapata kazi ya kupika kwenye hospitali yao ya askari. Kulikuwa na askari weusi ambao Kiswahili hawakukijua. Walisema kwao ni Gold Coast, upande wa pili wa Afrika, wamekuja kwa meli. Mmoja alipigwa risasi ya paja kule Kisaki. Alikuwa na chale tatu kila shavu. Jina nililisikia kama Seidu. Alikuwa mtu mpole, Kelestini. Alipopona wakampandisha treni ya Dar es Salaam kurudi kikosini kwake, na mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajua kwamba nina mimba."

"Na baba?"

"Hermenegildi alikuwa mpagazi mwenzake baba yangu, naye alikuwa amebaki kambini. Nilimwambia ukweli. Akasema mtoto atazaliwa mikononi mwake, basi ni wake. Tulikuwa Kilosa ulipozaliwa. Mjerumani alipoondoka bondeni tukarudi nyumbani, na hakuna aliyehesabu miezi. Hakuwahi kunitajia tena mpaka anakufa."

Kelestini alitazama viganja vyake.

"Kwa nini Aurelia aliondoka?" mama aliuliza. "Sasa niambie."

Alimwambia. Domitila alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule alimlea asiye wake kwa sababu alikuwa na moyo," alisema. "Wewe umemkataa wako kwa sababu ya kioo. Na mimi nimekaa hapa miaka miwili nimenyamaza, nikidhani ni ugomvi wa chakula."

Jambo gumu lilikuwa mbele. Aurelia alikuwa amesemwa mbele ya kaka yake na majirani. Kumsafisha kulitaka kueleza mstari ule umetoka wapi, na kueleza hivyo kulikuwa kumtoa mama yake hadharani, mjane na mwanachama wa chama cha akina mama kanisani, mwenye heshima yake. Kelestini alisema angetafuta namna nyingine ya kulieleza. Angesema tu kipimo cha kwanza kilikosea.

"Kipimo hakikukosea," Domitila alijibu. "Umesema mwenyewe hakikuona. Ukiwadanganya leo, kesho watauliza tena. Mtoto akipata nafuu tutakwenda wote Mkula."

*

Konsolata alitoka wodini wiki kadhaa baada ya Pasaka. Barabara ilikuwa imeanza kukauka, na walipata lori lililokuwa linakwenda Kidatu. Domitila alikaa mbele na dereva, akiwa amevaa kanga mpya. Aurelia na mtoto walikaa juu ya magunia. Kelestini alikaa upande wao, na njia nzima walizungumza juu ya maji ya kunywa ya mtoto tu.

Nyumbani kwa Apolinari walipewa viti. Maamkizi yalikwenda kwa urefu wake, shamba, mvua, wagonjwa. Kisha Kelestini akasimama.

"Shemeji, nilikwambia maneno juu ya dada yako. Hayakuwa kweli. Konsolata ni mwanangu. Nimekuja kuyarudisha mbele yako na mbele ya yeyote aliyeyasikia."

Apolinari hakumwambia akae. "Mwaka juzi ulikuwa na vioo. Leo una nini?"

Kelestini alifungua mdomo, lakini Domitila alikuwa amekwisha simama.

"Ana mama yake," alisema. Akawaeleza. Alitaja Morogoro, alitaja yule askari na chale zake, alimtaja Hermenegildi. Hakupunguza wala hakuremba. Mke wa Apolinari aliyekuwa anamenya ndizi aliacha kumenya. "Damu ambayo mtoto huyu anayo kwa baba yake," Domitila alimaliza, "imepita kwangu. Haikupita kwa Aurelia. Kama kuna wa kusemwa njiani, ni mimi, na mimi ni mtu mzima, nitayabeba."

Apolinari aliinuka, akamshika mkono yule mama mzee, akamrudisha kwenye kiti chake. Akasema, "Shikamoo, mama," ingawa alikwisha mwamkia.

Aurelia alimfuata Kelestini nyuma ya nyumba, kwenye vihenge vya mpunga.

"Nilikuapia," alisema. "Kwa mtoto niliyemzika. Ukasubiri karatasi."

"Ndiyo."

"Na kama ile mashine isingeletwa?"

Kelestini alifikiri. Alikuwa na jibu la kupendeza, akaliacha. "Ningekuwa bado nasema vilevile."

"Basi angalau hujanidanganya." Alikung'uta vumbi kwenye kanga yake. "Siji leo. Nina mpunga wangu hapa, nitauvuna. Nikija, nitakuja kwa miguu yangu, siji kubebwa. Na majirani wale wawili uwaambie mwenyewe, mlangoni kwao."

Aliwaambia. Mmoja alisikiliza kwa heshima. Mwingine alitaka kusikia zaidi habari za askari mwenye chale kuliko habari za Aurelia, na kwa miezi kadhaa maneno yalizunguka kisimani na sokoni. Domitila aliendelea kwenda misa ya alfajiri na kukaa benchi lilelile. Baadhi ya wenzake walisogea kidogo, kisha, wiki zilivyopita, wakarudi.

Aurelia alikuja mavuno yalipokwisha, na magunia yake. Kitanda cha chumba cha mbele kilikaa pale muda mrefu. Walizungumza kwa adabu kama wageni, halafu siku moja waligombana juu ya mbuzi aliyeingia bustanini, kwa sauti, na Aurelia akacheka katikati ya ugomvi. Tangu hapo nyumba ikawa na kelele za kawaida.

Daktari Viktor aliondoka mwishoni mwa mwaka, akaacha sanduku la kioo na karatasi. Alimwachia Sista maelezo ya Konsolata: asichelewe kupewa dawa ya malaria, anywe maji mengi, asilowe mvua, na akija kuwa mja mzito, ajifungulie hospitalini. Kelestini aliyasoma mpaka akayajua kwa moyo. Alipima watu wengi baada ya hapo. Kipimo cha mtoto na cha baba visipolingana, hakuyatoa majibu hayo nje ya chumba. Alimwambia Sista tu kwamba kuna jambo ambalo bado hawajaliona.

Konsolata alianza shule ya masista akiwa mkubwa kuliko wenzake darasani. Masika ya mwaka 1959 maumivu ya miguu yalimshika tena vibaya, Kelestini akambeba kutoka shuleni hadi hospitali huku mvua ikiwanyeshea wote wawili, mtoto akiwa amefunikwa koti la mpira. Alilazwa, akapona. Siku aliyotoka alitaka kutembea mwenyewe, na walimwacha atembee.